Mkono Usiitangulie Sindano

Sisi tunaowashonea watoto wetu mfarishi nyumbani tunajua kuwa uso wake waweza kupendeza huku upande wa chini ukificha kasoro. Mtoto anayetambaa huujua upande huo kabla yetu, kwa maana vidole vyake hunasa katika kila kitanzi cha uzi kilicholegea.

Vitanzi hivyo hutokea zaidi tunapochora maua na majani kwa mshono huru. Katika kazi hii meno ya cherehani yanayosukuma kitambaa hushushwa, au hufunikwa kwa kibamba iwapo hayashuki. Tangu hapo namba ya urefu wa mshono haina amri tena. Urefu huamuliwa na kasi ya sindano pamoja na mwendo wa mikono. Sindano ikichoma mara 600 kwa dakika, ni mara 10 kwa sekunde. Mikono ikisogeza kitambaa milimita 25 katika sekunde hiyo, kila mshono huwa na milimita 2 na nusu, kipimo kinachofaa. Mikono ikienda maradufu na sindano ikabaki vilevile, mshono hurefuka hadi milimita 5.

Kwa ajili hiyo, kabla ya kuugusa mfarishi wa mjukuu, tulitwaa vipande viwili vya kanga, tukatia pamba katikati, kisha tukashona mstari ulionyooka na ua lenye mizunguko. Tulipogeuza, mstari ulikuwa safi, bali kwenye mizunguko uzi wa juu ulikuwa umevutwa chini, ukapanga vitanzi mithili ya kope. Tulikaza uzi wa juu kutoka namba 4 hadi 5. Kope zilipungua, lakini kwenye mstari vitone vya uzi wa chini vikachomoza juu. Hiyo ilikuwa dalili kwamba uzi umekazwa kupita kiasi, kwani mshono mwema huficha fundo lake ndani ya pamba.

Hukumu ikawa wazi. Kasoro ingeenea kila mahali, tungeulaumu mkazo wa uzi. Ilipokuwa kwenye mizunguko peke yake, chanzo kilikuwa mkono, ambao hupenda kukimbia kwenye kona na kuivuta nyuzi kabla sindano haijamaliza kazi yake. Tulirejesha namba 4, tukakanyaga kwa kasi isiyobadilika, tukapunguza mwendo wa mikono kila tulipoingia mzunguko. Kope zikatoweka.

Limebaki jambo moja la kuangalia. Mguu wa mashine unaotumika hapa hauligandamizi vazi, hivyo ni rahisi kusahau kuushusha. Usiposhushwa, visahani vya kukaza uzi hubaki wazi, na chini hufumuka kichaka cha nyuzi ambacho hakuna namba itakayokitibu. Akina mama wenzetu, kwanza tutazame mguu, kisha mkono, na skrubu ya uzi iwe ya mwisho.