Nani Aingie Kwenye Cc?

Ukifungua barua pepe mpya unakuta juu yake sehemu tatu za kuweka anwani: To, Cc na Bcc. Ya kwanza tunaijaza wote, ya pili tunaijaza kwa mazoea, na ya tatu wengi hatujawahi kuigusa. Ukiwa unamwandikia lekchara kuulizia alama za testi, hakuna tatizo. Ila siku ukiwa kazini, unamwandikia mteja jambo linalomgusa moyoni, jua kwamba majina ya pale juu anayasoma kabla hajafika kwenye salamu yako.

Nimejifunza haya kwenye kibarua. Nasoma ualimu, mwaka wa tatu, na bumu likikata najishikiza jioni kwenye kituo kidogo cha tuisheni hapa Dar. Kwetu mteja ni mzazi. Muhula uliopita meneja, ambaye wote tunamwita dada, alinipa kazi ya kuandaa barua pepe kwa wazazi. Barua ya kwanza nzito ilihusu mtoto wa darasa la nne.

Mtoto huyu hesabu za kichwa anazipiga haraka, lakini kusoma kumemgomea. Anaangalia herufi ya mwanzo, halafu neno lililobaki anabahatisha. Anachanganya b na d, na akisoma anainamia kitabu mpaka pua inakaribia karatasi. Tulitaka kumshauri mama yake ampeleke apimwe macho, kisha aonwe na mtaalamu wa watoto wenye shida ya kusoma. Mzazi yeyote akisoma hivyo, swali linalomjia ni moja: mwanangu ana nini? La pili linafuata palepale: na nani mwingine anajua?

Waliotaka kuwemo walikuwa wengi. Mjomba wa mtoto ndiye anayelipa ada, na mama alipotuandikia kuulizia maendeleo alimweka kwenye Cc. Mwalimu wa Kiingereza ndiye aliyeigundua shida. Mhasibu alitaka tuunganishe na deni la mwezi mmoja, "ili tumalize yote kwa pamoja." Mwalimu mwenzangu akapendekeza tumweke na mwalimu wa darasa wa shuleni kwake, maana naye anamfundisha.

Dada hakubishana na mtu. Kwa kila jina aliuliza maswali mawili tu. Barua hii inampa huyu mtu kazi gani ya kufanya? Na mama akiliona jina lake hapa, atashangaa?

Mwalimu wa Kiingereza alipita. Mama anamfahamu, na ndiye angemuuliza zaidi, kwa hiyo akawekwa Cc, na ndani ya barua tukaandika sababu: "Nimemuweka mwalimu wake kwenye Cc ili uweze kumuuliza moja kwa moja." Sentensi hiyo ni fupi ila ina kazi kubwa. Jina likikaa kwenye Cc bila maelezo, msomaji anajitafutia maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi anadhani ameletewa shahidi.

Mhasibu hakupita. Deni la ada ni habari nyingine, lina barua yake. Ukiyachanganya, mama ataona tunamwambia mtoto ana shida huku tumenyoosha mkono. Mwalimu wa shuleni naye hakupita, kwa sababu shule haijui tumeona nini, na wa kuiambia ni mzazi. Siyo suala la adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, zile zinazotakiwa kulindwa zaidi.

Aliyetuumiza kichwa ni mjomba. Mama mwenyewe alimweka kwenye Cc, sasa sisi tumtoe kwa lipi? Hapa kuna jambo ambalo watu wanalipita haraka. Mama alimwita mjomba kwenye swali la maendeleo, akitegemea jibu la kawaida, la alama na mahudhurio. Hakujua jibu lingekuwa hili. Ukibonyeza Reply all, umeamua kwa niaba yake kwamba kaka yake asikie wakati uleule anaosikia yeye. Anayelipa ada anastahili risiti. Habari ya afya ya mtoto ni ya mzazi kwanza.

Kwa hiyo tulibonyeza Reply, mjomba akabaki nje, na tukalisema hilo wazi katika mstari wa pili wa barua: "Nakujibu wewe peke yako kwa kuwa jambo hili linamhusu mtoto binafsi. Ukipenda wengine wajue, tuambie au waongeze mwenyewe." Baada ya siku mbili mjomba akapiga simu kuuliza mbona kimya. Dada akamjibu kwa upole, "Kaka, ripoti tumeshampa dada yako, muulize yeye." Hakufurahi. Lakini hakuwa na la kulalamikia, kwa sababu hakuna aliyemdanganya.

Kuna mtu atauliza, si mngemweka mjomba kwenye Bcc, yaishe? Hapo ndipo wengi wanapotumbukia. Aliyewekwa kwenye Bcc haonekani na wenzake, lakini yeye anaipata barua nzima, na kwenye kioo kidogo cha simu hatambui kirahisi kwamba amefichwa. Akibonyeza Reply all, jibu lake linakwenda kwa aliyeandika na kwa wote walio kwenye To na Cc. Kabla sijaanza kazi pale, bosi mmoja aliwekwa Bcc kwenye barua ya mzazi, akajibu wote: "Huyu mama anapenda kusumbua." Mama akaisoma. Kilichomuuma zaidi ya hayo maneno ni kugundua kwamba alikuwa anasikilizwa na mtu asiyemwona. Watoto wake wawili walihama wiki hiyohiyo.

Na hata isipolipuka, Bcc haisaidii kumfanya mtu afuatilie jambo. Mteja akijibu, jibu halimfikii aliyefichwa. Kama bosi anahitaji kujua, baada ya kutuma mwandikie barua yake mwenyewe, fupi, yenye kile tu anachokihitaji. Kanuni tuliyobaki nayo ni hii: kama unaona haya mteja alione jina fulani, jina hilo halistahili kuwemo hata kwa kificho.

Bcc ina kazi yake halali. Tulipotaka kuwajulisha wazazi wote mabadiliko ya ratiba, tuliweka anwani yetu kwenye To na za wazazi wote kwenye Bcc, kila mmoja asipate anwani za wenzake. Pale tunawakinga wazazi wasionane anwani. Kwa mjomba tungekuwa tunamficha mama mtu anayemsikiliza. Kitufe ni kilekile, nia ni tofauti kabisa.

Mambo mawili ya mwisho ya mikono. Anwani ya ofisi usiihesabu kama mtu mmoja. Ya kwetu ilikuwa na nywila inayojulikana na walimu wanne, kwa hiyo kuiweka Cc ni kuwaweka wanne. Na sehemu ya To ijaze mwisho kabisa, baada ya kuusoma ujumbe mara ya pili, kwa sababu kompyuta hupenda kukumalizia jina, na majina ya Kiswahili yanafanana.

Mama alijibu usiku wa tatu. Aliuliza hospitali ya macho iliyo karibu, na kwenye Cc alikuwa amemuongeza baba wa mtoto, ambaye sisi hata anwani yake hatukuwa nayo.