Neno Lililofichwa Moyoni

Mwaka jana hapa Bariadi vijana wa madrasa walitunga mchezo wa kuigiza wakati wa Maulidi. Mmoja akaniletea daftari lake. Ndugu wawili wanakutana baada ya kuuza pamba, na mdogo anamshuku mkubwa kuwa amekula fedha za watoto mayatima wa ndugu yao marehemu. Maneno ya kwanza tu, mdogo anapiga kelele: "Kaka, umedhulumu mayatima!" Mkubwa anajibu: "Ndiyo, nina madeni." Mchezo ukaisha kabla haujaanza.

Nikamwambia, "Mwanangu, watu wa nyumba moja wenye jambo zito hawasemezani hivi. Itazame Sura Yusuf."

Humo ndugu wamesimama mbele ya mkubwa wa Misri, wala hawajui kuwa ndiye Yusuf. Kikombe kimeonekana katika mzigo wa mdogo wao. Kwa kujitetea wakasema kuwa ikiwa huyu ameiba, basi nduguye naye aliiba zamani. Kumbe wanayemsingizia ndiye anayewasikiliza! Yusuf akalificha neno moyoni, asiwadhihirishie. Nasi twatetemeka kwa sababu kisima tulikwisha kukiona mwanzoni mwa sura. Asiyekijua kisima, kimya kile kwake ni kitupu.

Basi nasi tukaweka kisima chetu: onyesho la awali ambamo mgonjwa anamkabidhi kaka yake wanawe na shamba. Kisha tukajiuliza kila mmoja anataka nini. Mdogo anataka hesabu. Mkubwa anataka mazungumzo yaishe. Mwisho tukawapa jambo jingine la kuzungumza:

"Kaka, nasikia mwaka huu pamba yenu ilipima vizuri."

"Mvua ilikuwa haba. Kunywa chai, itapoa."

"Watoto wanakwenda shule pekupeku."

"Hata sisi tulikwenda pekupeku."

Fedha hazikutajwa. Kijana akataka kuongeza mafumbo, nikamkataza, maana wote wakisema kwa mafumbo huwa ni mashindano ya vitendawili. Tukampa mwenzake asome mchezo wote. Angaliuliza wanagombania nini, tungalijua tumeficha mno. Angalisema hakuna alichoachiwa kufikiri, tungalijua tumefichua mno. Yeye akasema taratibu: "Huyu kaka kala amana." Ikatosha.

Lakini usiku ule sikulala. Miaka 4 mimi na ndugu yangu twazungumza kwa simu habari za mvua na bei ya pamba, na fungu la dada yetu katika shamba la marehemu baba halitajwi. Lililo zuri mchezoni limekuwa dhulma nyumbani kwangu, nasi tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe.

Baada ya sala ya alfajiri nikampigia, nikalitaja fungu la dada waziwazi. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Huko Bariadi mvua imenyesha?"

Nikalirudia neno langu.