Kebo Mbili za Masjala

Simu ilinikuta nyumbani Kibaha, Maili Moja, Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado ya moto.

"Fundi, mtandao umekufa."

"Intaneti tu, au kila kitu?"

"Hata kuprinti hatuwezi."

Nikaweka kikombe chini. Ofisi yenyewe iko Kisarawe, na jina lake nitalihifadhi. Printa yao haihitaji intaneti. Iko jengo lile lile, imeunganishwa na swichi ile ile wanayotumia wote. Kama kompyuta imeshindwa kuongea na printa iliyo chumba cha pili, hakuna haja ya kumpigia simu mtoa huduma. Ugonjwa uko ndani ya nyumba.

Kibaha na Kisarawe zote ni Pwani, na ukitazama ramani utadhani ni jirani wa kupigana hodi. Mimi nisiye na gari napita Dar: nashuka Mbezi, naunganisha hadi Gongo la Mboto, naunganisha tena kupanda Pugu. Nilipofika watu walikuwa wamekaa nje kwenye kivuli, na bosi alikuwa mlangoni.

"Nimezima na kuwasha mara mbili," akasema. "Inapona kidogo tu, halafu inakufa tena."

Maneno hayo yalinisaidia kuliko alivyodhani. Kifaa kilichoungua hakiponi kidogo.

Kwenye kabati la mtandao kuna swichi kubwa ya matundu 24, na kila tundu lina taa yake. Siku ya kawaida taa hizo humeta kila moja kwa wakati wake, kama watu wanaopiga soga sebuleni: huyu anasema, yule ananyamaza. Siku hiyo zote zilimeta kwa pamoja, haraka mno, bila kupumua. Nilijua ninachokitazama. Ilikuwa dhoruba ya matangazo.

Niieleze kidogo. Kompyuta ikitaka kumpata mwenzake isiyemjua bado, hupiga mbiu: "Nani mwenye anwani hii?" Swichi haijui wa kumpelekea, kwa hiyo inatoa nakala kwenye kila tundu isipokuwa lile mbiu ilipoingilia. Aliyeitwa anajibu, wengine wanapuuza, mambo yanaisha. Lakini swichi mbili zikiunganishwa kwa kebo mbili badala ya moja, mbiu inatoka kwa kebo ya kwanza na kurudi kwa ya pili. Swichi haikumbuki kwamba imeshaiona. Inaitangaza upya kwa wote, na mbiu inazunguka tena.

Swali ni kwa nini isichoke. Pakiti ya intaneti hubeba namba ya hatua zilizobaki, mara nyingi huanza na 64 au 128, na kila ruta hupunguza moja. Ikifika sifuri inatupwa. Lakini fremu ya Etheneti, bahasha inayobeba pakiti ndani ya jengo, haina namba kama hiyo. Haizeeki. Mbiu moja ikiingia kwenye mduara hubaki humo, ya pili inaikuta, ya tatu nayo, mpaka njia inajaa. Kebo ya megabiti 100 inaweza kupitisha fremu ndogo zaidi ya 148,000 kwa sekunde, na kila kompyuta inalazimika kuzitazama zote. Ukizima swichi mduara unafutika. Ukiiwasha, mbiu ya kwanza tu inatosha kuanzisha upya.

Kuingia kwenye swichi kupitia mtandao haikuwezekana, maana mtandao wenyewe ulikuwa umefurika. Nikachomeka kebo ya konsoli moja kwa moja. Skrini ilikuwa imejaa mistari ya namna hii:

```
%SW_MATM-4-MACFLAP_NOTIF: Host 001b.d4c7.3ac0 in vlan 1
is flapping between port Fa0/5 and port Fa0/12
```

Maana yake, swichi inaona kompyuta moja ikihamahama kati ya tundu la 5 na la 12. Kompyuta haihami. Ni mbiu zake zinazorudi kwa milango miwili. Nikachomoa kebo ya tundu la 12. Taa zikatulia palepale, na kutoka chumba cha pili nikasikia printa inaanza kutema karatasi za tangu asubuhi.

Ilibaki kujua tundu la 12 linakwenda wapi. Lebo zilikuwa zimefutika, nikafuata kebo kwa mkono, ukuta kwa ukuta, hadi masjala. Chini ya meza kulikuwa na swichi ndogo ya plastiki yenye matundu manane. Kebo moja ilitoka ukutani kuingia humo. Ya pili nayo.

"Shikamoo mama. Hii kebo ya pili imechomekwa lini?"

"Marahaba mwanangu. Leo asubuhi. Walihamisha printa Jumamosi, nikaikuta hiyo inaning'inia sakafuni, watu wanajikwaa. Nikaona tundu liko wazi, nikairudisha." Kisha akaniangalia usoni. "Ni mimi niliyeharibu?"

Bosi alikuwa nyuma yangu. Alitaka jina la kuandika kwenye taarifa.

Hapa ndipo nisipopenda kukumbuka. Mwaka 1985 Radia Perlman, akiwa kampuni ya Digital Equipment Corporation, alichapisha njia ya kuzifanya swichi zipeane salamu, zigundue mduara na kufunga njia moja ili ibaki sura ya mti. Tawi la mti halirudi kujiunga na shina. Wapenzi wa mashairi mtafurahi kujua kwamba muhtasari wa makala yake aliuandika kwa shairi, akifuata shairi la Joyce Kilmer kuhusu miti. Swichi yetu kubwa ilikuja na kinga hiyo ikiwa imewashwa. Mimi ndiye niliyeizima.

Miaka miwili kabla, wafanyakazi walilalamika kwamba wakiwasha kompyuta mtandao unachelewa. Kinga ile hulishikilia tundu kwa sekunde 30 kabla ya kulifungua. Nikaandika `no spanning-tree vlan 1`, malalamiko yakaisha, nikasifiwa. Sikujua kwamba kuna amri inayoondoa kusubiri bila kuondoa kinga. Siku hiyo niliiandika, nikiacha tundu la 24 linalokwenda kwenye ruta:

```
spanning-tree vlan 1
interface range fa0/1 - 23
 spanning-tree portfast
 spanning-tree bpduguard enable
```

Mstari wa tatu unafungua tundu mara moja. Wa nne unalifunga tundu lolote linalopokea salamu ya swichi. Swichi ndogo za bei nafuu kwa kawaida hupitisha salamu hizo bila kuzielewa, ingawa zipo zinazozimeza, kwa hiyo sikutaka kuamini bila kujaribu. Nikamwomba mama wa masjala achomeke ile kebo tena.

"Tena?" akasita.

"Tena, mama. Kama ulivyofanya asubuhi."

Akainama, akaichomeka. Kabla sijahesabu tano swichi kubwa ilikuwa imeshaufunga mduara na kuandika sababu kwenye skrini. Taa za wengine ziliendelea na soga zao. Nikachomoa kebo, nikafungua upya matundu yaliyofungwa.

Kwenye taarifa nilimwandikia bosi kwamba chanzo ni kinga iliyozimwa na fundi, nikaweka jina langu na mwezi nilioizima. Alisoma mara mbili, akauliza, "Kwa hiyo siku hii ya leo nisikulipe?" Tukakubaliana nauli tu.

Wakati naondoka, mama alikuwa ameikunja ile kebo na kuifunga kwa mpira wa nywele. Akaniuliza aiweke wapi. Nikamwambia aitie kwenye droo yake, na akiona tundu liko wazi siku nyingine, anipigie kwanza.