Mdako Uani kwa Bibi

Likizo iliyopita tuliwazuru wakwe zangu Kakamega. Mama mkwe hunena Kiisukha peke yake, na mjukuu wangu, mzaliwa wa Maskati, hajui ila Kiarabu. Siku mbili walikaa jamvi moja kimya, hata mama akaniuliza, kwa ulimi wa mke wangu, kama mtoto anamwogopa.

Siku ya tatu alifukua kishimo uani, akatia kokoto 12. Akarusha ya kumi na tatu juu, na kabla haijashuka mkono uleule ukachota za shimoni, kisha ukaidaka. Akairusha tena, akazirudisha zote ila moja, akaiweka kando: hiyo yake. Atakayeikosa ile ya kurushwa, au akaacha nje zaidi ya moja, humpisha mwenziwe. Shimo likiisha, mwenye nyingi ndiye mshindi.

Mtoto alichota gao zima, akashindwa kuzirudisha kwa mrusho mmoja. Mama akamshika mkono, akamchotesha mbili tu. Bao la kete 64 lingetudai maelezo marefu, lakini kosa la mdako huonekana kwa macho, halihitaji mkalimani. Mdogo wake tulimweka mbali, kwani aliye chini ya miaka mitatu hutia kokoto kinywani.

Magharibi ilipokaribia, mama alikuwa na 9, mtoto 3. Mama akalifukia shimo. Mtoto akalifukua.