Giaboksi ya klachi mbili ikichemka kwenye jamu

Leo tuweke programu kando tuongee vyuma. Hapa Njoro nimeulizwa mara kadhaa kuhusu Golf za mtumba zenye giaboksi ya DSG: gari linatikisika kwenye jamu, kisha dashibodi inaonya kwamba giaboksi imepata joto.

Golf nyingi za gia 7 zina aina inayoitwa DQ200. Ndani yake kuna klachi mbili, na kompyuta ndiyo inayozikanyaga badala ya mguu wako. Klachi hizo ni kavu, hazizungukwi na oili. Kinachozipoza ni hewa tu.

Sasa tupige hesabu. Tuseme unapanda kutoka Nakuru kurudi Njoro, umeingia jamu kwenye mwinuko wa asilimia 5, na gari la kilo 1,300 linatambaa kilomita 3 kwa saa. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, gia ya kwanza inataka gari liende kama kilomita 8 kwa saa. Tofauti hiyo inamezwa na klachi kwa kusuguana. Mimi napata joto la takriban wati 1,100, yaani pasi ya umeme iliyofungiwa ndani ya sufuria. Dakika chache tu zinatosha kuleta balaa.

Klachi ikishika moto msuguano wake hubadilika, ikawa inashika na kuachia, inashika na kuachia. Huko ndiko kutikisika. Kama gari linatikisika likiwa la moto tu na likipoa linatulia, tatizo ni joto. Likitikisika hata asubuhi injini ikiwa baridi, mahali tambarare, peleka kwa fundi akague klachi.

Onyo likitokea, toka barabarani, simama kabisa, weka P na uvute breki ya mkono. Usizime injini, maana ikizunguka inapepea hewa ndani ya nyumba ya klachi. Ngoja ujumbe uondoke, kisha ongeza dakika kumi hivi kabla ya kurudi kwenye foleni. Maji usimwage, chuma cha moto kikipozwa ghafla hupinda au kupasuka.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Usifuate gari la mbele hatua kwa hatua. Acha nafasi ya magari mawili au matatu ifunguke, kisha ondoka moja kwa moja mpaka klachi ishike yote. Ukisimama, kanyaga breki hadi mwisho ili klachi iachie. Breki nusu inaiacha ikisuguana. Na kwenye mlima usilizuie gari kwa akseleta, hiyo ni kazi ya breki.

Wenye giaboksi ya gia 6 aina ya DQ250, klachi zenu zinaogelea kwenye oili. Zinavumilia zaidi, ila mwendo wa kutambaa mlimani utazichosha nazo.