Laptopu imekufa, diski bado hai

Wadau, laptopu isipowaka, mara nyingi kilichokufa si diski. Juzi mwalimu mmoja wa Kakuma aliniletea yake hapa Lodwar, safari ya zaidi ya kilomita 100. Ndani mlikuwa na alama za muhula mzima, na nakala nyingine hana.

Nilitoa betri, nikafungua skrubu za chini, nikachomoa diski ya inchi 2.5 na kuitia kwenye kasha la USB. Kuchomeka tu: tik, tik, tik. Mwalimu akashika kichwa. Mlio huo waweza kuwa wa diski mbovu, lakini pia wa umeme mdogo: mlango wa USB 2.0 hutoa nusu ampea tu, na diski inapoanza kuzunguka huhitaji zaidi. Nikatumia waya wenye vichwa viwili vya USB, nikachomeka vyote. Ikazunguka vizuri. (Ingeendelea kugonga ningeichomoa papo hapo, isijikwaruze.)

Nikaifungua kwa kusoma tu:

```
sudo mount -o ro /dev/sdb2 /mnt
```

Alama zote zilikuwepo, nikazinakili kwenye flashi mbili. Bahati yake diski haikufungwa kwa BitLocker. Hapo ningehitaji ufunguo wa tarakimu 48, na kasha lisingesaidia kitu.