Nilimjibu kwa hesabu za darasa la tatu

Nilikosea mbele ya wanafunzi 42, na darasa zima likacheka kwa kunishangilia.

Nilikuwa nafundisha hisabati kidato cha sita, mada ya namba changamano, na siku hiyo ilikuwa zamu ya kipindi ninachokipenda kuliko vyote: kuonyesha kwamba e^(ix) = cos x + i sin x. Nilikifundisha kama mtu wa mazingaombwe. Kwanza niliwauliza wanafunzi maana ya kuzidisha e kwa yenyewe mara i. Wakanyamaza, maana haina maana. Ndipo nikaandika ubaoni mfululizo wanaoujua:

e^x = 1 + x + x²/2! + x³/3! + x⁴/4! + …

Nikawaambia kwamba upande wa kulia unahitaji kujumlisha, kuzidisha na kugawanya tu, na hayo yote i anayaweza. Kwa hiyo maana ya e^(ix) tunaichukua huko: tunaweka ix mahali pa x. Kwa kuwa i² ni −1, i³ ni −i na i⁴ inarudi kuwa 1, tunapata:

e^(ix) = 1 + ix − x²/2! − ix³/3! + x⁴/4! + ix⁵/5! − …

Kisha nikashika chaki nyekundu nikazungushia kila namba yenye i. Zilizobaki nikazikusanya: 1 − x²/2! + x⁴/4! − … Huo ndio mfululizo wa cos x. Nyekundu nazo, ukiitoa i nje, ni x − x³/3! + x⁵/5! − …, yaani sin x, mradi x ipimwe kwa radiani. Nikaweka chaki chini na kusubiri mshangao.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Hizo namba haziishi. Umejuaje kwamba ukizipanga upya jumla haibadiliki?"

Nikamjibu: "Binti, tatu jumlisha tano ni nane, tano jumlisha tatu ni nane. Hayo ulimaliza darasa la tatu." Hapo ndipo darasa lilipocheka. Nikafuta ubao.

Sikuwa na jibu. Na sikujua kwamba sina. Nilifundishwa hivyo hivyo, mtihani huuliza "onyesha kwamba" na kuridhika na mistari ile ile, na kwa kuwa kila mwaka jibu hutoka sahihi, hakukuwa na kitu cha kunishtua. Yule msichana hakunyoosha tena mkono katika kipindi changu mpaka alipomaliza shule.

Miaka miwili baadaye nilikuwa natafuta zoezi la mfululizo la kuwapa wanafunzi wa mwaka huo. Nikachukua huu:

1 − 1/2 + 1/3 − 1/4 + 1/5 − 1/6 + …

Jumla yake ni logarithimu asilia ya 2, karibu 0.693. Ili zoezi lipendeze nikazipanga namba zile zile kwa mtindo mwingine: moja ya kujumlisha, kisha mbili za kutoa. Hakuna niliyoiacha, hakuna niliyoirudia.

1 − 1/2 − 1/4 + 1/3 − 1/6 − 1/8 + 1/5 − …

Unaona 1 − 1/2 ni 1/2, na 1/3 − 1/6 ni 1/6. Ukiendelea hivyo unabaki na 1/2 − 1/4 + 1/6 − 1/8 + …, ambayo ni nusu kamili ya ule wa kwanza. Yaani 0.347. Nikadhani nimekosea ishara. Nikarudia. Nikafungua kompyuta nikajumlisha namba elfu kadhaa kwa mpangilio ule mpya, na kompyuta nayo ikanipa 0.347. Namba zile zile, jumla mbili. Chai yangu ilikuwa imepoa, na nilichokisikia masikioni ni sauti yangu mwenyewe ikisema "darasa la tatu".

Hapo nikafanya kosa la pili, dogo kidogo. Kwa woga nikaamini kwamba ule mstari wa chaki nyekundu hauna haki mpaka uletewe nadharia nzito ya kupanga upya mifululizo. Wiki nzima niliihangaikia. Kumbe pale ubaoni hatukuhitaji kupanga chochote upya. Tulikuwa tunatenganisha vikapu viwili, na hilo ni jambo jepesi zaidi.

Chukua x = 1 na usimame kwenye namba ya 8. Namba nane zina mwisho, kwa hiyo sheria ya darasa la tatu inafanya kazi bila wasiwasi. Kikapu kisicho na i kina 1 − 1/2 + 1/24 − 1/720, yaani 0.54028. Kikapu cha i kina 1 − 1/6 + 1/120 − 1/5040, yaani 0.84147. Kikokotoo kinasema cos 1 ni 0.54030 na sin 1 ni 0.84147. Sasa ongeza namba ya 9, ya 10, na kuendelea. Kila inayokuja inaingia kwenye kikapu chake kwa zamu. Kama kila kikapu kinatulia kwenye thamani yake, jumla nzima nayo imetulia, na imetulia hapo hapo.

Basi swali lote ni moja: je, vikapu vinatulia? Jaribu x = 10, maana x ndogo inadanganya. Namba zinapanda mpaka 10¹⁰/10!, ambayo ni kama 2,756, na mtu angeweza kukata tamaa. Lakini kila hatua mpya unazidisha kwa 10 na kugawanya kwa idadi inayokua: 11, 12, 13. Ukivuka 20, kila namba ni chini ya nusu ya iliyotangulia. Ukifika 10⁴⁰/40! umebaki na kitu kidogo kuliko sehemu moja ya milioni. Hali ni hiyo kwa x yoyote. Faktoria huchelewa tu, lakini hufika.

Ule mfululizo wa 0.693 haukuwa na bahati hiyo. Ukitenganisha vikapu vyake, namba 1,000 za kwanza za kujumlisha zinafika 4.44 na 1,000 za kutoa zinafika 3.74. Ukichukua milioni moja kila upande, ni 7.89 na 7.20. Vyote viwili vinapanda bila kikomo, na tofauti yao inategemea unavijaza kwa kasi gani. Hilo ndilo jibu ambalo msichana alistahili, na lingechukua dakika kumi.

Mwaka jana nilipata namba yake ya simu, nikampigia. Anasomea ufamasia. Nilimwomba radhi, nikamweleza vikapu. Swali lake hakulikumbuka. Kicheko alikikumbuka. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwalimu, na x yenyewe ikiwa namba changamano?"

Nikamwomba anipe mpaka Jumamosi. Jumamosi nikamwandikia kwamba vikapu bado vinatulia, kwa sababu faktoria inapambana na ukubwa wa x tu, haiulizi x ni namba ya aina gani. Ila kikapu cha kwanza hakiwi tena sehemu halisi ya jibu, maana cos x yenyewe inaweza kubeba i ndani yake.

Akajibu kwa neno moja: "Endelea."